Kuandika dawa, dozi na saa kutoka kwenye simu ya mfamasia bila kubadili namba

Mfamasia akikueleza dawa kwa simu, ndani ya pumzi moja anataja namba za aina nne: nguvu ya kidonge, idadi ya vidonge, mara ngapi au saa ngapi, na siku ngapi. "Mia tano, moja, mara tatu, siku tano." Namba inaweza kusikika vizuri kabisa masikioni kisha ikaharibikia kwenye karatasi, kwa sababu aliyeandika ameiweka mahali pa namba nyingine, ameizidisha, au ameinyoosha ili ieleweke zaidi. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye simu iliyorekodiwa na mgonjwa wa kumhudumia, anayetaka karatasi yenye namba zilezile zilizotamkwa.

Tutatumia mfano mmoja mpaka mwisho. Binti yuko Dar es Salaam, baba yake yuko Korogwe. Mzee ana sukari na presha, na wiki hii jino limemvimba. Binti amempigia mfamasia wa duka wanalochukulia dawa, akamwomba ruhusa ya kurekodi, akakubaliwa. Mdogo wake yuko nyumbani Korogwe, na mfuko wa dawa uko mbele yake.

Kabla hujaandika neno

Omba ruhusa mwanzoni mwa simu, na iwe ndani ya rekodi yenyewe. Ukishakata simu, nakili faili mara mbili. Moja usiiguse, nyingine ndiyo ya kufanyia kazi. Ipe jina lenye tarehe na jina la mgonjwa, kwa sababu wiki tatu baadaye dozi ikibadilika utakuwa na rekodi mbili zinazofanana, na ya zamani ikisomwa kama mpya ni hatari.

Kisha sikiliza simu yote mara moja bila kalamu mkononi. Lengo ni kujua zimetajwa dawa ngapi na wapi mfamasia alijirekebisha. Ukianza kuandika tangu sekunde ya kwanza, utaandika "kumi" kabla hujamsikia akisema "samahani, tano", na ile kumi iliyokatwa kwa mstari itabaki kwenye karatasi ikimsubiri mtu asiyevaa miwani.

Andika kwanza kwa maneno

Hii ndiyo hatua inayolinda namba kuliko nyingine zote. Raundi ya kwanza usiandike tarakimu hata moja. Andika alichosema kama alivyosema, na pembeni weka dakika na sekunde. Kwa mzee wetu ilitoka hivi:

```
00:41 Sasa dada, hii ya sukari, metformini, ni ya mia tano.
      Mzee anameza moja asubuhi, moja jioni, baada ya chakula.
00:58 Halafu za presha zipo mbili. Amlodipini ya kumi...
      samahani, ya tano. Amlodipini ya tano, moja usiku, saa tatu.
01:10 Na losatani hamsini, moja asubuhi.
01:19 Ya jino ni amoksilini, zile za rangi mbili, mia tano,
      moja kila baada ya masaa nane, siku ta[?].
```

Tazama yaliyomo humo. Kuna "mbili" mara mbili, na zote si dozi: "zipo mbili" ni idadi ya dawa za presha, na "rangi mbili" ni jina la mtaani la kapsuli. Mtu anayekimbilia tarakimu ataona 2 karibu na amoksilini na kuwaza vidonge viwili. Maneno yakibaki kamili, kosa hilo halina pa kuingilia.

Kwenye 01:19 bodaboda ilipita na neno la mwisho likakatika. Limeandikwa "ta" na alama ya kuuliza, kwa kuwa ndicho kilichosikika. Huenda ni tatu, huenda ni tano. Mwandishi wa raundi hii hana kazi ya kuamua.

Namba zinazofanana simuni

Simu ya kawaida hupitisha sauti za kati ya hezi 300 na 3400 tu. Sehemu kubwa ya mlio wa "s" na "f" iko juu ya hapo, kwa hiyo hukatwa. Ndiyo maana sitini na tisini zinasumbua sana: silabi ni zilezile, zimepishana nafasi tu, na kinachozitenganisha ni "t" na "s" ambazo simu inazififisha.

Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na huo unaweza kukusaidia. Thelathini na themanini zinaanza sawa na kuisha sawa, lakini mkazo uko kwenye "thi" katika ya kwanza na "ni" katika ya pili. Sikiliza silabi hiyo peke yake, uachane na nyingine. Kwa tatu na tano msaada huo haupo. Mkazo uko kwenye "ta" zote mbili, na tofauti imeachwa kwenye silabi ya mwisho ambayo mtu anaimeza. Nne na nane nazo zitilie shaka kila unapozisikia, hata pale unapojiona una uhakika.

Pa kusikilizia panapokusumbua, punguza mwendo. Programu ya VLC kwenye kompyuta inatumia kitufe cha `[` kupunguza mwendo na `=` kuurudisha wa kawaida. Usishuke chini ya robo tatu ya mwendo, maana sauti huanza kuvutika na utasikia silabi ambazo hazikutamkwa. Tumia spika za masikioni. Ukirudia mara tatu na bado hujui, acha. Kurudia zaidi ya hapo hakuongezi sauti iliyokatwa. Sikio linaanza tu kusikia linachotaka.

Kutoka maneno kwenda tarakimu

Sasa ndipo unapoandika tarakimu, kwenye safu ya pili, ukiyaacha maneno palepale. Angalia mambo haya.

"Mia tano" ni 500, na "mia na tano" ni 105. "Mia mbili hamsini" ni 250. "Na" ndogo tu inabadilisha dozi, kwa hiyo kwenye raundi ya maneno iandike kama ipo na usiiongeze kama haipo.

Nguvu ya kidonge na idadi ya vidonge ziwe kwenye safu mbili tofauti, na usizizidishe kamwe. Mfamasia akisema "vidonge viwili vya mia tano", andika 2 na 500. Ukiandika 1000 hujakosea hesabu, lakini umetengeneza namba ambayo hakuitamka, na kesho mtu atakwenda dukani kuulizia kidonge cha elfu moja. Vivyo hivyo akisema "gramu moja" iache gramu 1, na akisema "kijiko cha chai" usimgeuzie kuwa mililita. Muulize kama anamaanisha kipimo kilichokuja na chupa.

Upatanisho wa sarufi nao unakuonyesha namba ni ya nini. "Viwili" ni vidonge. "Mbili" bila kiambishi inaweza kuwa mara, saa, au nguvu ya dawa. "Mbili mbili asubuhi na jioni" ni vidonge viwili kila awamu.

Kisha kuna ile namna ya kuandika kwenye bahasha za dawa, 1 x 3. Namba ya kwanza ni vidonge, ya pili ni mara kwa kutwa. Kwa hiyo 1 x 2 ni kimoja asubuhi na kimoja jioni, na 2 x 1 ni viwili kwa mkupuo mmoja. Jumla ya vidonge kwa siku ni ileile, lakini mwilini si kitu kimoja. Kama simuni alisema "moja mara mbili", andika kwa mpangilio huohuo, na kwenye karatasi ya mgonjwa uandike kwa maneno: kidonge kimoja, mara mbili kwa siku.

Kwenye kuandika kwenyewe, acha nafasi kati ya namba na kipimo: 5 mg. Ukibana, "m" ya haraka huonekana kama sifuri. Usiandike 5.0, kwa sababu nukta ikififia inakuwa 50. Na akisema "nukta tano" andika 0.5, sifuri iwepo mbele. Maikrogramu iandike kwa herufi zote. Maikrogramu na miligramu zinapishana mara elfu moja.

Alipojirekebisha, kama kwenye 00:58, safu ya maneno inabaki na vyote viwili, kumi na samahani na tano. Safu ya tarakimu inabeba 5 peke yake. Atakayekuja kusikiliza rekodi na kusikia "kumi" ataona kwenye karatasi kwamba ulisikia pia, na kwa nini hukuichukua.

Saa, na masaa

Hapa mambo matatu huchanganywa. "Saa nane" ni wakati kwenye mshale wa saa. "Kila baada ya masaa nane" ni muda kati ya dozi na dozi. "Kutwa mara tatu" haitaji saa wala muda. Ni kweli masaa nane yanaingia mara tatu kwenye siku, lakini usiandike moja mahali pa nyingine. Kwa kutwa mara tatu watu wengi humeza asubuhi, mchana na usiku wakiwa macho, na usiku huo una pengo refu. Mfamasia anayesema "kila baada ya masaa nane" anataka pengo liwe sawa.

Neno kama "asubuhi" au "jioni" likitajwa bila saa, liache bila saa. Losatani ya mzee ni "moja asubuhi", basi. Kwenye safu ya saa andika "hakutaja".

Saa ikitajwa, andika ya Kiswahili kwanza, kisha pembeni ile ya kuweka kwenye kengele ya simu. Ongeza sita, halafu angalia kama ni mchana au usiku. Saa tatu usiku: 3 na 6 ni 9, ni usiku, kwa hiyo 21:00. Saa tisa alasiri: 9 na 6 ni 15, ndiyo 15:00. Kwa dozi za usiku wa manane angalia na siku. Saa nane usiku wa kuamkia Jumatatu ni 02:00, na simu tayari inaiita Jumatatu.

Kuna wafamasia wanaochanganya lugha na kusema "eiti" au "tuelvu" katikati ya Kiswahili. Hiyo ni saa ya Kiingereza, kwa hiyo usiiongezee sita. Andika neno alilosema na, kama mazungumzo hayaonyeshi ni asubuhi au usiku, liwekee alama ya kuuliza.

Boksi ni shahidi wa pili

Rudi kwenye maneno ya mfamasia uone kitu ambacho hakikusemwa popote. "Ya mia tano", "ya tano", "hamsini": hakuna aliposema miligramu. Ndivyo watu wa duka la dawa wanavyozungumza, na kila mtu anaelewa. Lakini kwenye karatasi usijaze kipimo kutoka kichwani. Kitoe kwenye boksi, na uandike kwamba kimetoka kwenye boksi.

Binti alimwomba mdogo wake apige picha ya kila boksi na kila karatasi ya vidonge, upande wenye maandishi. Akajaza hivi:

```
DAWA KWENYE BOKSI      | ALISEMA | BOKSI  | KIASI | WAKATI         | SIKU
Metformin tablets      | 500     | 500 mg | 1, 1  | asubuhi, jioni | hakutaja
Amlodipine tablets     | 5       | 5 mg   | 1     | saa 3 usiku    | hakutaja
Losartan tablets       | 50      | 50 mg  | 1     | asubuhi        | hakutaja
Amoxicillin capsules   | 500     | 500 mg | 1     | kila masaa 8   | ?
```

Jina linanakiliwa kutoka kwenye boksi herufi kwa herufi, kwa sababu sikio peke yake haliaminiki kwa majina haya. Metformini ya sukari na metronidazo ya maambukizi zinaanza sawa, na kwenye simu mbovu mwisho hausikiki. Mara nyingi boksi lina jina kubwa la kibiashara na chini yake jina la dawa yenyewe kwa herufi ndogo. Andika yote mawili. Na kama kuna herufi za ziada kama `XR` au `SR`, hizo ni sehemu ya jina. Zinaonyesha kidonge kinachoachia dawa polepole, na mgonjwa akikivunja au kukitafuna dawa inaweza kutoka yote kwa pamoja.

Boksi likisema 10 mg na simu ikasema tano, usimwamini yeyote kati yao. Yawezekana alimaanisha nusu kidonge, yawezekana limefungwa boksi siyo. Andika zote mbili na umpigie.

Hesabu ya vidonge nayo husaidia kugundua kosa. Kwenye mfuko kulikuwa na kapsuli 15 za amoksilini. Moja kila baada ya masaa nane ni 3 kwa siku, na 15 kwa 3 ni siku 5. Kwa hiyo ile "ta[?]" inaelekea kuwa tano. Lakini inaelekea tu. Hesabu ikikubaliana na ulichosikia inakutuliza. Hairuhusiwi kujaza pengo. Duka linaweza kuwa lilitoa zaidi, au mtu nyumbani ameshameza kadhaa.

Sikio la pili, kisha simu ya pili

Mpe mtu mwingine rekodi bila kumwonyesha karatasi yako. Akishaona 50, atasikia hamsini hata kama ni sitini. Aandike yake, kisha mzilinganishe mstari kwa mstari. Mnapotofautiana, msipige kura. Panapotofautiana panakuwa swali la kumpelekea mfamasia.

Kusanya maswali yote upige mara moja, tena kabla ya dozi inayofuata. Uliza swali lililo wazi. Ukisema "ni siku tano, siyo?" kwenye mtandao unaokatika, utajibiwa "ndiyo" na mtu aliyesikia nusu. Binti aliuliza hivi:

"Habari za kazi, kaka. Samahani nakurudisha nyuma. Ile amoksilini ya baba ni ya siku ngapi?"

"Tano, dada."

"Tano, ile ya moja, mbili, tatu, nne, tano?"

"Hiyohiyo. Nimempa kumi na tano, azimalize zote."

"Na akianza saa moja asubuhi, ya pili saa ngapi?"

"Saa tisa alasiri. Ya tatu saa tano usiku."

"Haya. Losatani nimeandika hamsini, tano na sifuri."

"Sawa kabisa, tano na sifuri."

Kutaja namba kwa jina kisha tarakimu moja moja ndiyo njia ya kuzitenganisha zinazofanana. Sitini ni sita na sifuri, tisini ni tisa na sifuri, na hapo mtandao unakuwa na nafasi ndogo ya kudanganya.

Majibu haya hayafuti mstari wa zamani. Yanaingia kama mistari mipya yenye tarehe na dakika ya simu ya pili: siku 5, na saa 1 asubuhi, saa 9 alasiri, saa 5 usiku, yaani 07:00, 15:00 na 23:00. Alama ya kuuliza ya mwanzo inabaki, na pembeni unaandika "tazama simu ya pili".

Karatasi ya mgonjwa

Kutoka hapo unaandika karatasi ya ukutani, na hii ni fupi: dawa, vidonge vingapi, wakati, mpaka tarehe gani. Andika kwa maneno na tarakimu pamoja, "kidonge kimoja (1)". Mzee hahitaji kuona kumi iliyorekebishwa wala dakika za rekodi. Ikishaandikwa, mdogo mtu aisome kwa sauti kutoka ukutani huku dada akifuatilia kwenye jedwali, namba moja baada ya nyingine. Kunakili ni hatua nyingine ambayo namba inaweza kupotea.

Njia hii inakuambia mfamasia alisema nini. Haikuambii kama dozi inamfaa mgonjwa. Ukiona kipimo kimepanda ghafla kuliko cha mwezi uliopita, au hakilingani na cheti cha daktari, usikisahihishe kwenye karatasi. Kiandike kama kilivyotamkwa, ukipigie mstari, na umuulize mfamasia au daktari kabla mgonjwa hajameza.

Rekodi itunze mpaka dozi iishe, au kwa dawa za kila siku kama za presha na sukari, mpaka maelekezo mapya yatolewe. Hapo karatasi ya zamani iondolewe ukutani siku hiyohiyo, ichorwe mstari wa mshazari na iandikwe tarehe iliyokoma kutumika.